Nani Alikudanganya Saa ya Mfasiri ni Shilingi 341?

Wasee, kuna hesabu moja inazunguka sana huku kwetu, kutoka Ruiru mpaka Thika. Utaisikia kwa video za dakika moja, utaisikia kwa zile semina za Jumamosi za "pata doo mtandaoni". Inaenda hivi. Wewe ni mfasiri, unajitegemea, unataka elfu sitini kwa mwezi. Mwezi una siku 22 za kazi. Siku ina masaa nane. Hayo ni masaa 176. Gawa elfu sitini kwa 176, unapata shilingi 341. Mwalimu wa semina anatabasamu, anakwambia mteja wa ng'ambo akikulipa dola tatu kwa saa umeshavuka lengo, shida yako ni uvivu tu.

Hiyo hesabu ni ya mtu aliyeajiriwa. Inachukulia kwamba kila saa unayokaa mbele ya kompyuta kuna mtu anailipia, kwamba kila siku kuna kazi, kwamba stima na intaneti analipa mtu mwingine, na kwamba KRA hawakujui. Mfasiri wa kujitegemea hana hata moja kati ya hizo. Na kwa sababu vijana wengi wanaingia sokoni na hiyo 341 kichwani, wanatoa bei ambayo haiwezi kulipa rent ya bedsita, halafu baada ya miezi sita wanaacha kazi wakidhani wao ndio wabovu.

Hebu tuifanye hesabu vile inafaa kufanywa. Tumchukue mfasiri mmoja wa Kiingereza na Kiswahili, anaishi Ruiru upande wa Kihunguro, anafanyia kazi kwa nyumba. Wateja wake ni mchanganyiko: kampuni moja mbili za tafsiri za nje, mashirika ya hapa nchini, na wanafunzi wa uzamili wa JKUAT pale Juja na wa Mount Kenya University pale Thika, wanaotaka hojaji zao ziwe kwa Kiswahili. Anataka elfu sitini mkononi. Mkononi, sio kwa invoisi. Hapo ndipo watu wengi wanateleza.

Tuanze na pesa zinazotoka kabla hajaonja yake. Intaneti ya nyumbani, tuseme 3,000. Stima inayokula na hiyo kazi, 1,000. Bando na kredo ya simu kwa siku ambazo intaneti imelala, 1,000. Laptopu ya 72,000 ambayo itamfaa miaka mitatu ni 2,000 kila mwezi, hata kama hatoi hizo pesa leo. Asipoziweka kando, siku kioo kikifa atakopa kwa simu. Programu za kutafsiria na za kulinda kompyuta, 1,500. Matatu za kwenda tao au Thika kuona mteja, 1,500. Jumla ni elfu kumi. Sijaweka kiti, na mgongo wenu mnaujua wenyewe.

Sasa serikali. Kwa viwango vya kodi vilivyoanza Julai 2023, shilingi 24,000 za kwanza za mwezi zinatozwa asilimia 10, zile 8,333 zinazofuata asilimia 25, na zinazozidi hapo asilimia 30, kisha unaondolewa 2,400 za nafuu. Juu yake kuna bima ya afya ya SHA, asilimia 2.75, na tozo ya nyumba, asilimia 1.5, ambayo wengi wanadhani ni ya wenye payslipu peke yao. Sheria ya 2024 inawataja pia wenye mapato yasiyo ya mshahara. Halafu aweke 4,000 za uzeeni, kwa sababu hana mwajiri wa kumwekea NSSF.

Nimezungusha hizo namba na jibu linakuja hivi: ili abaki na elfu sitini, anahitaji faida ya kama 86,000 kwa mwezi. Kodi itakula 18,000 na kidogo, afya kama 2,400, nyumba kama 1,300, uzee 4,000. Zinabaki sitini hivi. Ongeza ile elfu kumi ya gharama, unapata 96,000. Kwa mwaka ni 1,152,000. Hiyo ndiyo namba ambayo wateja wote kwa pamoja wanafaa kulipa. Najua kuna mtu atasema, "Lakini mimi silipi kodi." Sawa, boss. Lakini kampuni ya hapa ikikulipa ada ya utaalamu ya kuanzia 24,000 kwa mwezi inakata asilimia 5 na kuipeleka KRA kwa PIN yako. Tayari uko kwa vitabu. Na shirika lolote la maana litakuomba PIN kabla halijakupa kazi.

Hapo tumemaliza juu ya mstari. Kesi yenyewe iko chini ya mstari, kwa masaa.

Mwaka una siku 365. Toa wikendi 104, unabaki na 261. Toa sikukuu kumi na moja hivi zinazoangukia siku za kazi. Toa siku kumi za kupumzika. Toa siku kumi za kuugua, mazishi, harusi, na zile siku Kenya Power wanapotoa ilani ya kukata stima kutoka asubuhi mpaka jioni. Zinabaki 230. Mpaka hapa hata aliyeajiriwa anakubali, tofauti ni kwamba yeye analipwa hata akiwa mazishini.

Halafu zinakuja siku za bure. Siku za bure sio likizo. Uko tayari, umekunywa chai, umefungua kompyuta, na hakuna kitu kwa imeili. Kila mfasiri anazo. Mradi mkubwa unaisha Ijumaa na unaofuata unaanza baada ya wiki mbili. Desemba katikati mpaka Januari katikati ofisi nyingi zimelala. Mteja anakwambia "shikilia hiyo wiki," unashikilia, unakataa kazi nyingine, halafu anasema bajeti haijapitishwa. Kwa mtu mwenye wateja wa kurudi, kukaa bila kazi siku tatu kati ya kumi si jambo la ajabu. Tumpe huyu wetu hizo. Siku 69 zimeenda. Zimebaki 161.

Na hata hizo 161, hakuna inayolipwa masaa nane. Hesabu kitu ambacho hakiko kwa invoisi: kusoma faili na kutoa bei, ambayo mara nyingi inakataliwa. Jaribio la maneno 300 ambalo kampuni inakuomba ufanye bure ndio wakuingize kwa orodha. Kutafuta neno. Umewahi kutafuta Kiswahili cha neno moja la bima ukamaliza dakika arobaini, ukifungua kamusi, ukiangalia sheria, ukimpigia rafiki Mombasa? Mteja analipia neno moja. Kuna kurekebisha majedwali yaliyovurugika, kujibu mhariri ambaye anataka kujua kwa nini uliandika "hojaji" na sio "dodoso", kuandika invoisi, na kuifuata hiyo invoisi. Tuseme masaa matano yanalipwa na matatu hayalipwi. Kuna watakaosema nimewapendelea wafasiri hapo, na kuna watakaosema nimewaonea. Nitasema chini vile utajua lako.

Siku 161 mara masaa matano ni masaa 805 kwa mwaka. Yule mwalimu wa semina alikuwa amekuandikia 176 kwa mwezi, ambayo ni 2,112. Ameongeza masaa yako zaidi ya mara mbili, masaa ambayo hakuna mtu atalipia.

Gawa 1,152,000 kwa 805, unapata 1,431. Na kwa kuwa invoisi moja kati ya ishirini haitalipwa, au italipwa nusu baada ya kelele, gawa tena kwa 0.95. Unafika 1,506. Sema elfu moja na mia tano kwa saa. Kwa wenye kupenda kuweka kwa jedwali la kompyuta, B1 ni faida unayohitaji kwa mwezi, B2 ni gharama za mwezi, B3 ni siku zenye kazi kwa mwaka, B4 ni masaa yanayolipwa kwa siku:

```
=(B1+B2)*12/(B3*B4*0.95)
```

Kwa huyu wetu, B1 ni 86000, B2 ni 10000, B3 ni 161, B4 ni 5. Weka zako.

Sasa, wateja wachache sana watakuuliza bei ya saa. Tafsiri huuzwa kwa neno, na huku kwetu kwa ukurasa. Kwa hivyo hiyo 1,500 lazima igeuzwe. Mfasiri anayefanya kazi safi, yaani kutafsiri na kurudia kusoma yote kabla ya kutuma, anaenda kama maneno 250 kwa saa kwa maandishi ya kawaida. Gawa 1,500 kwa 250, ni shilingi sita kwa neno. Kwa dola iliyo karibu na 129 hiyo ni kama senti 4.7 za dola. Yule wa dola tatu kwa saa anakulipa chini ya shilingi mbili kwa neno.

Na hapa ndipo nataka tugombane vizuri, kwa sababu ya hiyo kitu inaitwa ukurasa.

Ukisimama pale Thika karibu na maduka ya kupiga chapa na kufunga vitabu, bei ya tafsiri utakayotajiwa ni ya ukurasa, na mara nyingi iko karibu na ya kuchapa. Mia mbili, mia tatu. Mwanafunzi wa uzamili anakuja kwako na bei hiyo kichwani. Kamati ya maadili imemwambia fomu ya ridhaa na hojaji ziwe kwa lugha ambayo wahojiwa wanaelewa, na tarehe ya kamati ni wiki ijayo. "Mwalimu, ni kurasa nane tu, nifanyie mia tatu mia tatu." Unafungua faili. Herufi ndogo, mistari imebanana, majedwali kila mahali. Unahesabu maneno: 3,600. Huo ukurasa wake una maneno 450, karibu mara mbili ya ukurasa wa maneno 250.

Kwa mwendo wa 250 kwa saa, hiyo ni masaa 14 na nusu hivi. Analipa 2,400. Umefanya kazi kwa shilingi 167 kwa saa, kabla ya intaneti, kabla ya kodi, na kabla msimamizi wake hajarudisha maswali kumi ya kubadilisha. Kwa shilingi sita kwa neno, kazi hiyo ni 21,600. Utasikia, "Mwalimu, hiyo ni fii ya semesta!" Si fii ya semesta, lakini namwelewa, mwanafunzi hana hizo pesa.

Kwa hivyo ufanye nini? Sio kushuka mpaka mia tatu. Punguza kazi, usipunguze saa. Muulize ni sehemu gani kamati imetaka. Pengine ni fomu ya ridhaa na maelezo ya utafiti peke yake, maneno elfu moja. Hiyo ni 6,000, anaweza kujipanga. Hojaji anaweza kuipunguza maswali, na mara nyingi inahitaji kupunguzwa hata bila wewe. Na kama kamati inataka tafsiri rejeshi, yaani mtu mwingine airudishe kwa Kiingereza ndio ilinganishwe na ya kwanza, hiyo ni kazi nyingine ya mtu mwingine na bei nyingine. Usikubali iwe nyongeza ya hisani. Akisema hapana kwa yote hayo, huyo hakuwa mteja wako. Andika bei kwa neno, andika idadi ya maneno ya faili yake, mtumie kwa Watsapu. Neno "ukurasa" lisionekane popote.

Jibu ambalo naletewa kila mara ni hili: si afadhali mia tatu kuliko kukaa bure? Hizo siku 69 si ziko tu?

Ni swali la haki, na siwezi kulicheka. Siku ya bure inayoingiza 2,000 ni bora kuliko siku ya bure isiyoingiza kitu. Kama kazi ni fupi, ya leo leo, na unaweza kuimaliza bila kumgusa mteja mzuri, chukua. Lakini angalia vile inavyokuwa kwa ukweli. Kazi ya bei rahisi haikai ndani ya siku ya bure. Ile ya masaa 14 umeichukua Jumanne kwa sababu imeili ilikuwa kimya. Jumatano saa nne kampuni ya nje inaleta maneno 2,500 ya bei nzuri, wanataka Ijumaa asubuhi. Mwanafunzi naye kamati yake ni Ijumaa. Ama unakataa 15,000 ndio ulinde 2,400, ama unakesha na kutuma zote mbili zikiwa mbovu. Kampuni ya nje ikipata kazi mbovu haikupigii kelele, inakusogeza tu chini kwa orodha, na siku zako za bure zinaongezeka bila wewe kujua sababu. Yaani ulijaza siku za bure na kitu kinachozaa siku zingine za bure.

Pia kuna wenye kusema soko haliwezi kulipa 1,500 kwa saa, kwa hivyo hesabu yote ni ndoto. Hesabu haisemi soko litalipa. Inasema ukilipwa chini ya hapo, na kila kitu kingine kikae vile kilivyo, hutafika elfu sitini. Ukitaka bei ishuke, kuna mahali pa kushika. Huyu wetu akipunguza siku za bure kutoka tatu mpaka mbili kati ya kumi, anapata siku 184, na bei inayohitajika inashuka mpaka 1,318. Asipogusa siku lakini akapandisha masaa yanayolipwa kutoka matano mpaka sita, inashuka zaidi, mpaka 1,255. Akifanya yote mawili ni 1,098. Angalia hiyo: saa moja kwa siku ina uzito kuliko siku 23 za mwaka. Na saa moja inaweza kupatikana. Weka bei ya chini kabisa ya kazi ndogo, kwa sababu cheti cha kuzaliwa cha maneno 80 kina imeili nyingi kama kitabu. Mtu akikuomba jaribio la bure la zaidi ya maneno 300, mwambie hapana. Weka orodha yako ya istilahi ndio ile dakika arobaini ya neno la bima isirudi mara ya pili.

Anayeanza ndiye semina zinamdanganya zaidi. Mwaka wa kwanza unaweza kukaa bila kazi siku tano kati ya kumi. Ukiingiza hiyo kwa jedwali, siku 115, linakwambia utoze 2,109 kwa saa. Ni kama mzaha: mtu asiye na jina atoze zaidi ya mwenye jina. Semina inachukua huo mzaha na kusema, basi anza na bei ya chini upate uzoefu. Mimi nasema hapo kinachobadilika ni lengo, sio bei. Kwa 1,500 kwa saa na nusu ya siku bila kazi, ukitoa gharama, kodi na tozo zote, na ile 4,000 ya uzee, unabaki na kama 42,000. Ni pesa unayoweza kuipangia: unabaki na kazi nyingine ya nusu siku, unaishi na ndugu, unakaa Mugutha badala ya Kihunguro. Lakini ukianza kwa 341 kwa masaa hayo hayo, kwa mwaka mzima invoisi zako ni kama 186,000, yaani 15,500 kwa mwezi, na bado hujalipa intaneti. Kisha mwaka wa pili unamwandikia mteja yule yule kwamba sasa ni 1,500. Atakujibu vipi?

Ile tano na tatu niliyoweka juu ni ya huyu wetu, sio yako. Chukua daftari ya kawaida, wiki nne, andika kila unapoanza na unapoacha, na kando yake "ilipwe" au "bure". Andika pia zile siku imeili ilikaa kimya, na usione haya ukijaza ukurasa mzima wa "bure". Ukimaliza utakuwa na B4 yako ya kweli. B3 itachukua muda zaidi, angalau miezi sita, kwa sababu mwezi mmoja unaweza kuwa na bahati.

Na wewe unayefundisha vijana wetu pale Thika kwa elfu moja na mia tano kiingilio, ambayo naona ni saa moja kamili ya mfasiri: tuonyeshe daftari yako. Ni siku ngapi mwaka jana ulikaa bila kazi ya tafsiri? Ni pesa ngapi zilitoka kwa tafsiri, na ngapi kwa viingilio? Tuanzie hapo, kisha tuongee kuhusu dola tatu.